Andiko la ushauri: Ugomvi huanzia kwenye yasiyoandikwa

*Bei ndiyo inayoangaliwa kwanza, lakini ukurasa wa mipaka ya kazi ndio unaoamua kama mteja na mshauri wataagana kwa amani*

Na Mwandishi Wetu

Mhasibu anasoma ankara mara ya pili, kwa sauti, ili wajumbe wa bodi wasikie vizuri: Sh16,520,000. Mwenyekiti anavua miwani. Mkutano mkuu wa wanachama ulipitisha Sh14 milioni kwa kazi hiyo, na andiko la mshauri lililopo mezani linasema Sh14 milioni.

Mshauri anafungua ukurasa wa nane wa andiko lake na kuonyesha mstari mmoja mdogo chini ya jedwali: bei haijumuishi Kodi ya Ongezeko la Thamani. Meneja naye ana lake. Anauliza mfumo wa kompyuta wa mikopo utafungwa lini. Mshauri anajibu kwamba hakuahidi mfumo wowote. Aliahidi “kuboresha utaratibu wa mikopo”. Kwa meneja, utaratibu bila kompyuta si utaratibu.

Kisa hiki tumekiunda kwa ajili ya makala haya. Mteja ni chama cha akiba na mikopo cha watumishi, chenye ofisi Morogoro mjini na vituo Kilosa, Ifakara na Mahenge. Mshauri ni kampuni ndogo ya Dar es Salaam. Viwango vya malipo ni vya mfano pia. Lakini yeyote aliyewahi kukaa upande mmoja wa meza hiyo atawatambua wote waliomo.

Hakuna aliyedanganya katika kikao hicho. Kila upande ulisoma andiko lilelile ukajaza mapengo yake kwa matumaini yake. Makala haya yanalichukua andiko hilo na kulipitia sehemu kwa sehemu: mipaka ya kazi, vitakavyokabidhiwa, ada, ratiba na masharti.

Barua inayogeuka mkataba

Washauri wengi huliona andiko kama tangazo la biashara: kurasa za kujisifu, picha za miradi iliyopita, wasifu wa wataalamu, halafu bei. Wateja wengi nao hulisoma hivyohivyo, wakiruka moja kwa moja hadi kwenye bei.

Sheria inaliona kwa jicho jingine. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, pendekezo likikubaliwa linakuwa ahadi. Ahadi za pande mbili zenye malipo, zilizotolewa kwa hiari na watu wenye uwezo kisheria wa kufunga mkataba, zinaweza kuwa mkataba hata kama hakuna aliyeandika neno “mkataba” juu ya karatasi.

Kwenye zabuni za Serikali hatari hiyo hupungua kidogo, kwa sababu Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake zina taratibu zake, na nyaraka za zabuni huja na fomu na masharti yaliyokwisha kupangwa. Chama cha akiba na mikopo, shule binafsi au kampuni ya familia haina fomu hizo. Kinachotumwa kwa barua pepe Ijumaa jioni ndicho kitakachosomwa siku watu watakapokosana.

> Kila upande ulisoma andiko lilelile ukajaza mapengo yake kwa matumaini yake.

Mipaka: yaliyomo na yasiyomo

Sentensi iliyoleta balaa Morogoro ni hii: “Mshauri ataboresha utaratibu wa mikopo wa chama.” Inapendeza masikioni, lakini haipimiki. Hakuna siku ambayo mtu anaweza kusimama na kusema utaratibu sasa umeboreshwa, tumemaliza.

Mipaka iliyoandikwa vizuri huanza na kitenzi cha kazi, kisha idadi, kisha kikomo. Kwa chama chetu ingesomeka hivi: mshauri atapitia majalada 120 ya mikopo iliyotolewa kati ya Januari 2023 na Desemba 2024, 30 kutoka ofisi ya Morogoro na 30 kutoka kila kituo, ataandika Sera ya Mikopo isiyozidi kurasa 40 pamoja na mwongozo wa kufuatilia marejesho, ataendesha kikao kimoja cha kuhakiki rasimu, na atatoa mafunzo ya siku moja kwa watu wasiozidi 15.

Baada ya hapo hufuata aya ambayo washauri wengi huogopa kuiandika: yasiyohusika. Kazi hii haihusishi kununua wala kufunga mfumo wa kompyuta. Haihusishi kukusanya madeni sugu. Haihusishi ukaguzi wa hesabu, ambao una wakaguzi wake. Haihusishi kuwasilisha nyaraka kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa niaba ya chama.

Hofu ya mshauri inaeleweka. Anadhani mteja akisoma orodha ya asiyoyafanya atamwona mvivu na kwenda kwa mwingine. Lakini meneja wa Morogoro angeisoma aya hiyo mapema, angeuliza habari za kompyuta kabla ya kusaini, na jibu lingekuwa bei nyingine au kazi nyingine. Swali lilelile likiulizwa mwezi wa tatu wa kazi linakuwa shutuma.

Upande wa mteja nao una lawama yake, na ina msingi. Wapo washauri wanaotuma andiko walilomwandikia mteja mwingine, na jina la yule wa kwanza likasahaulika katikati ya ukurasa. Wapo wanaotanguliza wasifu wa mtaalamu mkongwe, kazi ikianza anakuja kijana wa mafunzo kwa vitendo. Dawa ya hilo ni sharti moja: andiko litaje nani atafanya kazi, kwa siku ngapi, na kwamba hatabadilishwa bila mteja kukubali kwa maandishi mtu wa kiwango kilekile.

Bei hujengwa kwa siku

Ukimuuliza mshauri wa kazi ya Morogoro Sh14 milioni zilitoka wapi, jibu halitakiwi kuwa “ndiyo bei ya soko”. Bei ya kazi kama hii hujengwa kwa siku za watu.

Mshauri kiongozi amepangiwa siku 22 kwa Sh400,000 kila siku: siku tatu za kuanza, sita za kupitia majalada vituoni, saba za kuandika rasimu, mbili za kikao cha uhakiki, tatu za toleo la mwisho na moja ya mafunzo. Hiyo ni Sh8,800,000. Msaidizi wake ana siku 18 kwa Sh200,000, yaani Sh3,600,000; nane kati ya hizo ni za vituoni. Nauli, malazi na uchapishaji ni Sh1,600,000. Jumla Sh14,000,000.

Juu yake inakuja VAT ya asilimia 18, ambayo ni Sh2,520,000, kwa kuwa kampuni hii imesajiliwa. Ndipo ankara inafika Sh16,520,000.

Kwa kiwanda au duka kubwa lililosajiliwa, kodi hiyo kwa kawaida si tatizo kubwa, kwa sababu hudaiwa tena kwenye ritani. Chama cha akiba na mikopo hakina njia hiyo kwa biashara yake ya msingi. Riba ya mikopo ni huduma ya fedha iliyosamehewa VAT, na anayeuza huduma iliyosamehewa hawezi kurudishiwa kodi aliyolipa kwa ajili yake. Kwa hiyo Sh2,520,000 ni gharama kamili inayotoka kwenye mfuko wa wanachama. Mstari mdogo chini ya jedwali ulibeba karibu theluthi moja ya mapato ya mwaka ya mtu anayelipwa laki sita na nusu kwa mwezi.

Kwa mteja wa aina hiyo, andiko lionyeshe tarakimu tatu kwa maandishi ya ukubwa uleule: bei kabla ya kodi, kodi, na jumla itakayotoka benki.

Kupunguza bei bila kudanganyana

Bodi ina Sh14 milioni pamoja na kodi, wala si zaidi. Mazoea ni mwenyekiti kuomba “tupunguzie kidogo, ndugu yetu”, na mshauri kukata kiwango chake cha siku huku kazi ikibaki ileile. Wote wanaondoka wakitabasamu. Kisha siku saba za kuandika zinakuwa nne kimyakimya, na sera inayokuja ni ya kunakili.

Njia ya wazi ni kupunguza kazi, bei ifuate. Tuseme Ifakara na Mahenge zinaondolewa kwenye ziara. Zinaondoka siku tatu za kiongozi, Sh1,200,000, na nne za msaidizi, Sh800,000. Safari na malazi yanapungua kwa Sh700,000. Bei inashuka hadi Sh11,300,000. Ukiongeza VAT ya Sh2,034,000 inakuwa Sh13,334,000. Imeingia ndani ya bajeti, na chenji imebaki.

Lakini kitu kimepotea, na andiko lazima liseme ni nini. Majalada yatakayosomwa ni 60 badala ya 120. Kama Mahenge ndiko marejesho yanakosumbua zaidi, sera itaandikwa bila kuona ugonjwa ulipo. Bodi ikilijua hilo inaweza kuamua kubadilisha vituo: iondolewe Kilosa, ibaki Mahenge, na hesabu ya safari ifanywe upya. Huo ni uamuzi wa mteja, na anaufanya vizuri pale tu anapoonyeshwa kila kituo kinagharimu siku ngapi.

> Njia ya wazi ni kupunguza kazi, bei ifuate.

Nani abebe hatari ya malipo?

Hapa ndipo pande mbili zinavutana kweli. Mteja anataka kulipa mwishoni, akishaiona kazi. Mshauri anataka malipo ya kutangulia, kwa sababu msaidizi wake na nauli havisubiri.

Tutumie bei mpya ya Sh11,300,000 kabla ya kodi, na mgawanyo unaotumika mara nyingi: asilimia 30 baada ya kusaini, 40 kwa rasimu ya kwanza, 30 kwa toleo la mwisho na mafunzo.

Siku rasimu ya kwanza inapofika mezani kwa meneja, kiongozi ameshatumia siku 13 na msaidizi 10. Pamoja na Sh700,000 za safari, mshauri ameshatumia thamani ya Sh7,900,000. Mkononi amepokea awamu moja tu, Sh3,390,000. Yaani kwa wakati huo ni mshauri anayemkopesha mteja zaidi ya Sh4.5 milioni.

Awamu ya pili ikilipwa, aliyopokea inafika Sh7,910,000, karibu sawasawa na alichotumia. Iliyobaki kwa mteja ni Sh3,390,000, na kazi iliyobaki ina thamani ya Sh3,400,000. Mgawanyo huo unafaa kazi hii kwa sababu fedha inafuata jasho kwa karibu. Bodi ikisisitiza nusu nzima ilipwe mwishoni, itashikilia Sh5,650,000 dhidi ya kazi ya Sh3,400,000. Mshauri makini ataiongeza hatari hiyo kwenye bei yake. Asiye makini atakwama katikati ya njia.

Kodi nazo zina ratiba yake. Mteja anapolipa awamu ya kwanza anatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia tano kwenye ada ya huduma ya mkazi, ikihesabiwa kabla ya VAT. Katika Sh3,390,000 hiyo ni Sh169,500. Ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha aiwasilishe Mamlaka ya Mapato, na ampe mshauri hati yake. Bila hati, mshauri hawezi kuonyesha kwamba sehemu ya kodi yake ya mapato imeshalipwa, na hapo asilimia tano inageuka hasara.

VAT inambana mshauri mwenyewe. Ankara ya kodi ikishatolewa, kodi inahesabika katika mwezi huo na kudaiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama mteja hajalipa. Ndiyo maana andiko zuri husema malipo yafanyike ndani ya siku ngapi tangu ankara ipokelewe. Siku 30 ni kawaida. Kwa kampuni ndogo, 14 ni salama zaidi.

Ratiba isiyotaja tarehe

Andiko la kwanza liliahidi sera “ifikapo tarehe 30 Juni”. Barua ya kukubaliwa ilichelewa wiki tatu, majalada ya Kilosa yakachelewa mbili. Juni ikapita, na mshauri akaonekana ndiye mchelewaji.

Ratiba imara huhesabu wiki kuanzia tukio, tena la mwisho kati ya matatu: kusainiwa, kulipwa awamu ya kwanza, na kukabidhiwa majalada. Kwa kazi hii wiki kumi zinatosha. Ripoti ya awali ije wiki ya pili, rasimu ya kwanza wiki ya sita, kikao cha uhakiki wiki ya nane, toleo la mwisho na mafunzo wiki ya kumi. Kila wiki ambayo mteja anachelewesha nyaraka inasogeza mwisho kwa wiki moja.

Wiki mbili kati ya rasimu na kikao ndizo za maoni ya mteja, na hapo pana mgogoro mwingine. Washauri hupenda sharti linalosema mteja akikaa kimya siku kumi za kazi, rasimu ihesabike imekubaliwa. Wajumbe wa bodi hulikataa. Bodi hukutana kila robo mwaka, wanasema, itakubalije kitu ambacho haijakiona?

Wana haki. Mshauri naye ana haki ya kutosubiri miezi mitatu alipwe kazi aliyokwisha kuifanya. Njia ya kuwapatanisha ni kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa: kulipia rasimu na kuipitisha sera. Andiko limtaje mratibu mmoja wa mteja, mathalani meneja, mwenye mamlaka ya kupokea rasimu na kuthibitisha ndani ya siku kumi za kazi kwamba ina sura zote zilizoahidiwa. Hilo ndilo linalofungua malipo. Bodi, na mkutano mkuu pale inapohitajika, itaipitisha sera kwa wakati wake bila kumshikia mshauri fedha.

Mratibu huyohuyo akusanye maoni ya wajumbe wote katika waraka mmoja. Vinginevyo mjumbe mmoja atataka riba ishuke na mwingine atataka ipande, na mshauri ataandika rasimu ya tano. Idadi itajwe: raundi mbili za marekebisho zimo ndani ya bei, ya tatu inalipwa kwa siku, kwa viwango vilevile vilivyo kwenye jedwali.

> Kulipia rasimu ni jambo moja. Kuipitisha sera ni jambo jingine.

Masharti machache yanayofanya kazi

Kurasa kumi za masharti zilizonakiliwa kutoka mkataba wa kigeni hazimsaidii yeyote. Kazi ya ukubwa huu inahitaji machache tu.

La kwanza ni siri. Jalada la mkopo lina mshahara wa mtu, madeni yake na majina ya wadhamini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawagusa chama na mshauri wote wawili. Andiko liseme majalada yatasomwa ofisini kwa mteja, majina hayataingia kwenye ripoti, na nakala zitafutwa kazi ikiisha.

La pili ni umiliki. Sera iliyolipiwa ni ya chama. Mbinu na fomu za jumla ambazo mshauri alikuja nazo zibaki zake. Bila mstari huo, mteja anaweza kuikuta sera yake kwa jirani, na mshauri anaweza kuzuiwa kutumia zana zake mwenyewe.

La tatu ni kuachana. Upande wowote unaweza kusitisha kwa notisi ya siku 14, na mteja akalipa siku zilizokwisha kutumika kwa viwango vya jedwali. Hapa jedwali la siku linaonyesha faida yake tena, maana bei iliyoandikwa kwa mkupuo bila siku haina njia rahisi ya kukatwa katikati.

La nne ni adhabu ya kuchelewa, ambayo wateja hupenda kuiandika kubwa ili kutisha. Chini ya Sheria ya Mikataba, kiasi kilichotajwa kama adhabu ni ukomo tu; aliyevunjiwa mkataba hupata fidia inayostahili isiyozidi kiasi hicho. Tarakimu ya kutisha itaongeza bei ya mshauri bila kumhakikishia mteja kwamba ataipata.

Sahihi iliyokosewa

Lisainiwe andiko lipi? Bei iwe na muda wa kuishi, mathalani siku 60, kwa sababu bajeti ya chama husubiri mkutano mkuu na nauli hazisubiri mtu. Na kila toleo liwe na namba na tarehe yake.

Namba hiyo ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Sheria inataka ukubali uwe kamili, usio na masharti mapya. Bodi ikiandika “tumekubali andiko lenu, ila mafunzo yawe siku mbili”, haijakubali bado. Imetoa pendekezo lake jipya linalosubiri jibu la mshauri. Mshauri akianza kazi hapohapo kwa furaha, bila kujibu, pande mbili zitakuwa zinafanya kazi kwa maandiko mawili tofauti.

Kinachotakiwa ni kazi ya nusu siku. Mshauri aingize siku ya pili ya mafunzo kwenye jedwali, aongeze Sh400,000 zake na Sh200,000 za msaidizi, akokotoe kodi upya, aandike “toleo la 2” juu ya kila ukurasa na kulirudisha. Bei mpya kabla ya kodi ni Sh11,900,000. Pamoja na VAT inafika Sh14,042,000, yaani Sh42,000 juu ya kilichopitishwa na wanachama. Bodi itabidi ichague: iombe idhini ya nyongeza hiyo, au iridhike na siku moja ya mafunzo. Ichague kabla ya kusaini.